Tangazo la Ijumaa Jioni

Kila Ijumaa, jua linapoanza kuzama upande wa milima, mimi huketi barazani na daftari la usharika, simu na miwani, nikaandika matangazo ya Jumapili. Zamani kazi hii ilikuwa ya karatasi moja. Katibu aliandika, mzee wa kanisa wa zamu akasoma madhabahuni, watu wakaenda nyumbani. Siku hizi karatasi ile ile huenda kwanza kwenye kundi la WhatsApp la usharika, siku mbili kabla ya ibada, nayo husomwa na watu ambao wengine hawajakanyaga Talatala kwa miaka.

Wapendwa, naandika juu ya ujumbe huo mmoja, kwa kuwa katika miaka ya kuuandika nimeona kwamba unaweza kumfikisha mtu ibadani au kumpeleka kwenye maji, na unaweza kumfariji mfiwa au kumwongezea kidonda.

Kwanza tuwatazame wasomaji. Wapo walioko hapa hapa, wenye simu janja na bando la kubana. Wengine huwasha data mara moja kwa siku, wakishuka kwenye gulio au wakiwa njiani kurudi shamba la mpunga. Wapo watoto wetu walioko Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, ambao kundi hili ndiyo nyumba yao ya kiroho ya mbali. Na wapo walio wengi kuliko wote, akina baba na akina mama wenye kitochi, ambao hawako kundini kabisa. Hao husomewa na mjukuu au jirani. Kwa hiyo tangazo langu lazima liweze kusomwa kwa sauti na mtoto wa darasa la sita, mbele ya bibi anayemenya mihogo, na bibi akaelewa bila kuuliza mara ya pili.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtume Paulo, anapofunga waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, aliagiza usomwe kwa ndugu wote. Nyaraka zile zilienda kwa watu ambao wengi wao wasingeweza kuzisoma wenyewe. Tangazo la simu liko katika hali hiyo hiyo: linaandikwa kwa ajili ya jicho, lakini linafika kwa sikio.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe. Ujumbe ukiwa mrefu, WhatsApp huukata na kuweka maneno Read more, na asiyebonyeza hapo hasomi kilichobaki. Wengi hawabonyezi. Wanaona mistari ya juu, wanasema moyoni kwamba ni matangazo kama ya wiki iliyopita, wanapita. Ndiyo maana salamu ndefu mwanzoni ni hasara. Nimeona matangazo yanayoanza na mistari minane ya kumsifu Bwana na kuwasalimu wapendwa wa rika zote, na jambo lililobadilika likawa limejificha chini ya ukataji. Kumsifu Bwana ni wajibu wetu, lakini salamu ya maneno matatu inatosha mahali hapa. Mstari wa kwanza ni jina la tangazo, wa pili ni Jumapili na tarehe yake, na wa tatu ni lile lililobadilika, kama lipo.

Habari ya saa nayo inataka uangalifu. Sisi husema saa tatu asubuhi, na simu ya kijana inasema 9:00. Mtu akiandika "ibada 9:00", mzee anaposomewa "saa tisa" anaelewa saa tisa alasiri, na hana kosa, maana hiyo ndiyo saa tisa anayoijua. Mimi huandika "saa 3:00 asubuhi", na neno asubuhi, alasiri, jioni au usiku haliachwi hata mara moja. Kwa mikesha naongeza jambo lingine. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likizama, kwa hiyo mtu akisikia "usiku wa Jumapili" anaweza kufikiri ni usiku unaotangulia, na mwingine akafikiri ni ule unaofuata. Hapo huandika tarehe na kueleza: "Jumamosi tarehe 19 usiku, kuamkia Jumapili." Ni maneno machache zaidi, lakini hakuna anayefika kwenye kanisa lililofungwa.

Nije kwenye emoji, kwa kuwa ndizo zilizoleta mjadala mkubwa katika baraza letu la wazee. Walikuwapo waliosema zisiwepo kabisa, kwamba tangazo la kanisa si mazungumzo ya vijana. Walikuwapo waliotaka kila mstari uwe na moto, njiwa, tarumbeta na maua. Sikuona kwamba wa upande mmoja wana imani kuliko wengine. Niliwaomba tuangalie kazi yake.

Emoji ikikaa mwanzoni mwa fungu humsaidia msomaji kupata mahali. Anayetafuta somo la Jumapili anaona picha ya kitabu kilichofunguliwa, jicho linatua hapo. Hiyo ni kazi halali, sawa na utepe tunaouweka katika Biblia. Lakini utepe ukiwekwa kila ukurasa hauonyeshi tena ukurasa wowote. Zikiwa tatu, jicho linaziona. Zikiwa ishirini, jicho linaziruka zote, na pamoja nazo linaruka maneno.

Sababu ya pili ilitoka kwa mzee wetu mmoja asiyeona. Simu yake ina TalkBack, ile sauti inayomsomea kilichoko kwenye kioo. Siku moja alituletea simu kwenye kikao na kutuwekea ujumbe wa kundi moja aliloalikwa. Ile sauti haiziruki picha. Inazitaja kwa majina, moja baada ya nyingine. Mahali ambapo sisi tuliona mikono kumi na miwili iliyokunjwa ikipendeza chini ya ujumbe, yeye alisikia jina lile lile likitajwa tena na tena, huku akingojea kujua ibada ni saa ngapi. Kikao kilinyamaza. Waliotaka moto na maua walikuwa wa kwanza kusema zipunguzwe.

Sababu ya tatu ni maana. Picha hizi hazikuzaliwa kwetu. Mikono iliyokunjwa, 🙏, ilianzia kwenye simu za Wajapani, ambako ni ishara ya kuomba tafadhali na kushukuru. Sisi tumeipokea kuwa ya sala, na sioni shida, maana kusali na kushukuru ni majirani. Lakini nyingine hudanganya jicho, hasa jicho la mtu mzima kwenye kioo kidogo. Kubwa kuliko zote ni hii: 😂. Ni uso unaocheka hadi machozi yanatoka. Mzee anaona machozi, anadhani ni kilio.

Jambo hili lilitokea kundini mwetu. Uliwekwa ujumbe wa msiba, na baba mmoja mwenye moyo mwema kabisa akajibu kwa nyuso tatu za namna hiyo. Kwa nia yake alikuwa analia na wanaolia. Ndani ya dakika chache simu zilianza kupigwa kutoka mbali, mtoto wa marehemu akiuliza ni nani huyu anayecheka kifo cha mama yake. Vijana nao wakaanza kucheka kweli, na hilo likazidisha uchungu. Mchungaji alikwenda kwa yule baba nyumbani, akamwonyesha picha hiyo ikiwa imekuzwa, karibu na 😭, ule uso unaolia. Baba alishika kichwa. Akaenda mwenyewe kwa wafiwa, akaketi chini pamoja nao, yakaisha.

Kuanzia hapo tulikubaliana kwamba kwenye msiba watu waandike neno: "Poleni." Haligeuki sura kwenye simu ya mtu yeyote. Na katika tangazo la msiba mimi siweki picha yoyote. Jina la marehemu, mahali na saa ya maziko vinajitosheleza, na ukimya wa ukurasa ni heshima.

Zilizobaki kwenye tangazo la wiki ni tatu tu: ⛪ mwanzoni, ili mtu anayepitia jumbe mia za kundi ajue hili ndilo tangazo, 📖 mbele ya somo, na 🙏 moja mwishoni. Hizi ni za zamani katika orodha ya kimataifa ya alama za kompyuta. Ya kanisa iliingia 2009, na zile mbili 2010, kwa hiyo hata simu janja kuukuu ya mkononi kwa mkononi inazionyesha. Alama mpya zikitumwa kwenye simu kuukuu hutokea kisanduku kitupu, na mtu anabaki akijiuliza amekosa neno gani. Hii inanileta kwenye kipimo chetu: zifute alama zote, kisha usome tena. Kama tangazo limepoteza maana yoyote, basi picha ilikuwa imechukua nafasi ya neno, na neno lirudishwe.

Niwaonyeshe mfano mmoja kwa ukamilifu. Ilikuwa wiki ya kuelekea Jumapili ya Matawi, tarehe 13 Aprili 2025. Mnajua Aprili yetu. Mvua inanyesha huku tambarare, na inanyesha zaidi kule milimani Rungwe, na maji yote yanashuka kwetu kuelekea Ziwa Nyasa. Mtu anaweza kuamka pasipo na wingu akakuta mto umepanda kwa mvua iliyonyesha usiku mbali na hapo. Wiki ile njia ya kwenda nyumba yetu ya sala ya chini ilifunikwa na maji. Wazee wa mtaa ule walinijulisha Ijumaa mchana kwamba ibada huko haiwezekani, na kwamba wanaoishi ng'ambo wasijaribu kuja.

Mezani nilikuwa na vikaratasi saba. Mwalimu wa shule ya Jumapili alitaka watoto waje na matawi. Akina mama walikuwa na usafi wa kanisa. Kulikuwa na ratiba ya juma takatifu, habari ya wagonjwa wawili, habari ya sadaka, na ombi la kwaya la kununua kinanda. Na kulikuwa na hiyo habari ya maji. Hiyo ilikuwa imefika mwisho, kwa hiyo katika daftari ilikuwa chini kabisa. Kama ningeandika kwa mpangilio wa daftari, ingekaa chini ya ukataji.

Nilijiuliza swali moja kwa kila kikaratasi: asiyesoma hili atapata hasara gani kabla ya Jumapili mchana? Asiyesoma habari ya kinanda hapati hasara. Ikangoja kutangazwa kanisani. Asiyesoma habari ya maji anaweza kumshika mtoto mkono, na matawi yake, akaingia mtoni. Hiyo ikapanda juu. Tangazo likawa hivi:

```
⛪ *MATANGAZO YA WIKI*
Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

*BADILIKO:* Nyumba ya sala ya chini HAKUNA IBADA. Njia imejaa maji.
Wa ng'ambo ya mto: salini nyumbani. MSIVUKE.
Wa upande huu: njooni usharikani.

*Ibada:* moja tu, saa 3:00 asubuhi.
*Watoto:* saa 2:30 asubuhi, na matawi.

📖 *Somo:* Yohana 12:12-19

*Wiki hii*
Jumatano 16: usafi wa kanisa, saa 2:00 asubuhi. Njoo na fagio au jembe.
Alhamisi 17: Chakula cha Bwana, saa 10:00 alasiri.
Ijumaa Kuu 18: ibada, saa 3:00 asubuhi.

*Wagonjwa:* tuwaombee. Majina yatasomwa kanisani.
*Sadaka:* kwa njia zile zile. Hakuna namba mpya.

Msomee jirani asiye na simu. 🙏
Katibu wa usharika
```

Tazameni mambo machache. Nyota zile pembeni mwa maneno ndizo zinazoyafanya yawe meusi ya kukolea kwenye WhatsApp. Nyota lazima iguse neno bila nafasi; ukiacha nafasi katikati, nyota inabaki nyota na maneno hayakolei. Herufi kubwa nimezitumia kwa maneno yanayozuia hatari na kwa vichwa viwili vya juu tu. Mtu anayeandika tangazo zima kwa herufi kubwa hana tena namna ya kupaza sauti siku ya hatari.

Pili, sikuandika "kutokana na hali ya hewa ibada inaweza kuathirika". Maneno ya namna hiyo yanasikika ya kiofisi, lakini mama wa ng'ambo hapati jibu la swali lake, yaani niende au nisiende. Nimemwambia abaki, na nimempa cha kufanya: asali nyumbani. Na kwa kuwa maagizo yalikuwa tofauti kwa pande mbili za mto, kila upande ulipata mstari wake.

Tatu, ni maandishi, si picha ya karatasi. Wako wanaochapa tangazo, wanalipiga picha na kutuma picha. Inapendeza, lakini inakula bando zaidi, haitafutiki baadaye kwa kuandika neno, na simu ya mzee wetu asiyeona haiwezi kumsomea vizuri kama inavyosoma maandishi. Kwa ajili ya wasiosoma, mzee mmoja wa kanisa hufuatisha ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyakyusa. Juma lile alirudia mara mbili neno la kutovuka.

Mtauliza kwa nini majina ya wagonjwa hayamo. Hili nalo lina historia, na inauma.

Kundi la WhatsApp lina mlango mpana. Ujumbe mmoja husambazwa kwa kidole. Unachosema madhabahuni husikiwa na waliopo. Unachoandika kundini hufika kwa mwajiri wa mtu, kwa mkwe wake, kwa adui yake. Kwa hiyo jina la mgonjwa haliandikwi bila ruhusa yake au ya familia, na jina la ugonjwa haliandikwi hata ruhusa ikiwepo. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na habari za afya zimewekwa katika zile nyeti. Lakini hata kabla ya sheria, mtu anayemwambia mchungaji ugonjwa wake hakuwa anamwambia Mbeya nzima.

Msiba unadai tahadhari kubwa zaidi, nayo ni ya wakati. Katika usharika mmoja ambao sitautaja, mama alifariki asubuhi. Mwanawe alikuwa ndani ya basi akitoka Dar es Salaam, na kama ilivyo desturi yetu, ndugu walikuwa wamemwambia kwamba mama anaumwa, aje. Walitaka afike, apokelewe, aketishwe, kisha aambiwe na mjomba wake akiwa ameshikwa mkono. Lakini tangazo la msiba liliwekwa kundini mapema, kwa nia njema ya kuharakisha michango. Kijana alilisoma safarini, katikati ya abiria asiowajua, na saa nyingi za barabara zikiwa bado mbele yake. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kwa saa zile zote hakuwa na mahali pa kulilia.

Baada ya kusikia hayo, niliandika maswali matatu ndani ya jalada la daftari langu, na sitangazi msiba bila kupata majibu yake. Je, aliyeleta habari ni wa familia, na familia imekubali itangazwe? Je, watoto wote na ndugu wa karibu wameshaambiwa kwa mdomo? Je, kuna aliye safarini? Jibu la tatu likiwa ndiyo, tangazo linangoja. Watu wanaohitajika kuchimba kaburi na kupika wataitwa kwa simu, mmoja mmoja, kama zamani. Wapo wanaonung'unika kwamba usharika wetu unachelewa na kwamba habari wameshazipata kwingine. Na wanung'unike.

Mstari wa sadaka ni mfupi lakini usidharauliwe. Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa matapeli unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Matapeli wanajua kwamba jina la kanisa hufungua mikono ya watu, na mtu akiiba simu ya mshirika mmoja ameingia kundini akiwa na sura ya ndugu. Kwa hiyo tumefunga mlango kwa kanuni moja rahisi: namba ya kulipia sadaka haitolewi wala kubadilishwa kupitia kundi. Hubadilishwa kwa kutangazwa na mchungaji ibadani, mbele ya watu, Jumapili mbili mfululizo. Mstari ule, "Hakuna namba mpya", hukaa kila wiki hata kama hakuna tishio, ili siku ambayo namba mpya itatokea kila mtu ashtuke. Na namba ya tapeli huripotiwa bila malipo kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Tangazo likishatumwa, kazi haijaisha. Hulituma Ijumaa kama saa 1 usiku, ili wanaoshuka gulioni Jumamosi asubuhi na kuwasha data walikute. Kisha Jumamosi jioni naligusa na kulishikilia, nafungua maelezo yake, na naona majina ya waliosoma na ya wale ambao limewafikia lakini hawajasoma. Hata aliyezima tiki za bluu kwenye mazungumzo yake binafsi huonekana hapa, kwa sababu kwenye makundi hazizimiki. Sifanyi hivyo kwa kumpeleleza mtu. Wiki ile ya maji nilitafuta majina ya wale tu wanaoishi ng'ambo. Nilikuta wanne hawajasoma. Watatu nilizungumza nao kwa simu. Wa nne simu yake haikupatikana, na kijana mmoja wa kule alitumwa nyumbani kwake jioni ile ile. Alikuta simu imeisha chaji tangu Alhamisi, na mama ameshamfulia mtoto nguo nyeupe ya Jumapili.

Kuna jambo la marekebisho pia. WhatsApp inaruhusu kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu ulipotumwa. Lakini aliyekwisha kuusoma hapati taarifa kwamba umebadilika. Anaendelea na saa ile ya kwanza aliyoisoma. Kwa hiyo kuhariri ni kwa herufi iliyokosewa tu. Kama ni saa, mahali au siku, huandikwa ujumbe mpya unaoanza na neno MAREKEBISHO, ukitaja la zamani na jipya: "Ibada si saa 3:00 asubuhi, ni saa 4:00 asubuhi." Na ili ujumbe usizame chini ya salamu na nyimbo, siku ya Ijumaa hadi Jumapili mchana kundi hufungwa ili viongozi tu ndio watume. Jumapili jioni linafunguliwa, na hapo watu wasalimiane watakavyo, hata kwa maua.

Nabii Habakuki aliagizwa kuandika njozi wazi kwenye vibao ili asomaye aweze kwenda mbio. Nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi kuhusu maono makubwa ya Kanisa. Mimi ninaposhika simu Ijumaa jioni huwafikiria wale watu wa mbio: mjukuu anayesoma upesi ili akacheze, mama aliye na ndoo kichwani anayetazama kioo kwa jicho moja, kijana aliye ndani ya basi. Hawana muda wa kunitafsiri. Nikiwa nimeandika vizuri, wanachukua walichohitaji na kwenda zao, na hakuna anayekumbuka nani aliandika.

Jumapili ile ya Matawi kanisa halikujaa. Viti vya watu wa ng'ambo vilikuwa vitupu, na mchungaji aliwataja katika sala, kila kaya kwa jina la mtaa wao. Mchana, mvua ilipopumzika, walituma kundini sauti iliyorekodiwa barazani kwa mtu mmoja: familia nne zikiimba, watoto wakipiga matawi ya migomba sakafuni. Mwishoni sauti ya bibi ilisema, "Ndaga fijo, tulisomewa."